Mr. Williams, William's au Williamses? Apostrofi kwenye majina yanayoishia na s

"Shikamoo mwalimu. Niko Mbeya, nafanya ofisi ya utalii na imeili za wageni nazijibu mimi. Kuna familia ya Uingereza inakuja, nikamwandikia baba yao Dear Mr. William, akajibu kistaarabu tu kwamba yeye ni Williams. Iliyofuata nikaandika Dear Williams's nikijua nimerekebisha, bosi akacheka. Sekondari tulifundishwa jina likiishia na s unaweka apostrofi mwisho basi, mtandaoni naona wengine James's wengine James', na wakiwa familia nzima ndo napotea kabisa. Wiki ijayo natakiwa niwaandikie watu wa loji ya Matema kuhusu hawa wageni na mizigo yao, alafu niandae kibao cha kuwapokea Songwe. Naomba unieleweshe taratibu."

Marahaba dada, salamu kutoka huku Iringa kwenye baridi lake. Tuanze na jina lenyewe, maana kosa lako la kwanza halikuwa la apostrofi kabisa, lilikuwa la kumkata mtu jina, na ukishaliona hilo vizuri nusu ya mambo mengine yanajipanga.

Hiyo s ya Williams siyo ya wingi na siyo ya umiliki, ni herufi ya jina kama zilivyo herufi nyingine. Zamani kweli ilikuwa ya umiliki, Williams alikuwa mtoto wa William, na Harris alikuwa wa Harry, Roberts wa Robert, lakini hiyo ni mamia ya miaka iliyopita, sasa hivi imeshaganda ndani ya jina na haitoki. Wewe uko Mbeya kwa hiyo utanielewa haraka, ni kama Mwa- ya majina ya Kinyakyusa. Mwakalinga ni wa kwa Kalinga, kila mtu anajua, lakini huwezi kumwandikia mzee Mwakalinga barua ukamwita Mzee Kalinga kisa umeona Mwa- ni nyongeza tu, utakuwa umemwita babu yake. Ndo ulichomfanyia huyo Mzungu, ulimwita babu yake. Na William lipo pia kama jina la ukoo la watu wengine, kwa hiyo kwenye kompyuta ya loji hao ni wageni wawili tofauti, na mmoja ndo hana chumba.

Sasa utajuaje kama jina lina s au halina, maana kwenye simu husikii vizuri na watu wengine wanajaza fomu haraka haraka? Wewe kwenye ofisi ya utalii una kitu ambacho makatibu wengine hawana, una kopi za pasipoti. Angalia mistari miwili ya chini kabisa ya ukurasa wa picha, ile yenye alama nyingi za <. Mstari wa kwanza unasomeka hivi:

```
P<GBRWILLIAMS<<PETER<JAMES<<<<<<
```

P ni pasipoti, GBR ni nchi, kisha linakuja jina la ukoo, kisha alama mbili za <, kisha ndo majina yake mwenyewe. Kwa hiyo huyu wa mfano wangu ni Mr. Williams, siyo Mr. Peter wala Mr. James. Hapo pia unamaliza ule utata wa mtu anayeitwa James Thomas au Thomas James, ambapo hujui lipi la ukoo. Sisi tumezoea kumwita mtu Mista James wakati James ni jina lake la kwanza, na kwetu ni heshima ya kutosha, ila Waingereza Mr. wanaiweka kwenye jina la ukoo tu. Tahadhari moja, mistari ile haiandiki apostrofi, mtu wa O'Connor pale anasomeka OCONNOR, kwa hiyo spelingi kamili ithibitishe kwenye sehemu ya juu ya ukurasa huo huo.

Tukija kwenye salamu. Kwenye salamu hakuna kinachomilikiwa. Unapoandika Dear, unamwita mtu, humtaji kama mwenye mali. Kwa hiyo apostrofi haina kazi pale, iwe jina linaishia na s au haliishii. Unaandika "Dear Mr. Williams," imekwisha. "Dear Williams's" bosi wako amecheka kwa sababu inasomeka kama "Mpendwa wa Williams", halafu msomaji anasubiri, wa Williams nini? Mkewe? Gari lake? Sentensi imeachwa hewani.

Wakiwa wawili mke na mume wenye jina moja, "Dear Mr. and Mrs. Williams," na usiongeze chochote mbele ya s. Wakiwa familia nzima, "Dear Williams family," inakaa vizuri, ina heshima na haina hatari yoyote. Kuna pia "Dear Williamses," ambayo kisarufi ni sahihi kabisa, ila inasikika ya watu mnaofahamiana, kama jirani anayewaandikia majirani kadi ya Krismasi, mimi kwenye imeili ya kikazi siishauri. Kabla hujaandika Mr. and Mrs. hakikisha mama naye anatumia jina hilo, wengi siku hizi wanabaki na majina yao, na kama pasipoti yake inasema Harris basi unawataja kila mmoja na lake, "Dear Mr. Williams and Ms. Harris,".

Alafu kuna kitu watu wanakisahau. Kwenye imeili ya kumwandikia mgeni mwenyewe, umiliki wa jina lake karibu hauhitajiki kabisa, kwa sababu unaongea naye. Mizigo yake ni "your bags", chumba chake ni "your room". Nimeshaona imeili za ofisi, mtu kaanza na "Dear Mr. Williams" mstari wa pili anaandika "Mr. Williams's room is ready", kama vile anamsengenya mtu aliyekaa mbele yake. Kwa hiyo shida yako ya apostrofi haiko kwenye imeili za wageni, iko kwenye zile unazowaandikia watu wa loji, dereva na wakala wa Dar, pale unapomtaja mgeni ambaye hayupo kwenye mazungumzo. Huko ndo tuingie.

Nakupa kipimo kimoja, kishike hicho, vingine vyote vinatoka humo. Ukishaandika neno lenye apostrofi, weka kidole chako kwenye skrini ufunike apostrofi na kila kitu cha kulia kwake. Kinachobaki kushoto lazima kiwe jina kamili la mwenye mali, bila herufi kupungua. Jaribu na "William's bag". Ukifunika linabaki William. Je, mgeni wako ni William? Hapana, kwa hiyo ni kosa. Jaribu na "Williams's bag", linabaki Williams, ndiye. Jaribu na "Elia's car" wakati dereva wenu, tuseme, ni Elias, linabaki Elia, na Elia naye ni jina la mtu mwingine kabisa, umeshampa gari asiye dereva. Kosa hili la kuichomeka apostrofi katikati ya jina nalikuta kwa watu wengi sana, wakiona s mwishoni wanadhani lazima ndo ile s ya umiliki, kumbe ilikuwepo tangu ubatizo.

Haya, kulia kwa apostrofi sasa, tuweke s au tusiweke? Hapa ndo pale uliposema umeona James's na James', ukadhani mmoja kati yao hajui. Wote wanajua. Kwa mtu mmoja ambaye jina lake linaishia na s njia zote mbili zinakubalika, na wenye lugha wenyewe hawajakubaliana hadi leo. Kitabu cha kanuni cha Associated Press, ambacho magazeti mengi ya Marekani yanakifuata, kinasema jina la mtu likiishia na s weka apostrofi peke yake. Chicago Manual of Style, kinachofuatwa na wachapaji wengi wa vitabu, kinasema weka apostrofi na s kama jina lingine lolote. Mwaka 2024 Kamala Harris alipogombea urais watu walibishana sana kuhusu hili, Associated Press wakaandika Harris' na New York Times wakaandika Harris's, habari ni ile ile, mtu ni yule yule. Na kama unafuatilia mpira, uwanja wa Newcastle unaandikwa St James' Park, wakati bustani iliyoko London pamoja na stesheni ya treni ya hapo inaandikwa St James's Park. Majina kama hayo ya mahali unayakopi yalivyo, huyapangii kanuni yako.

Kwa hiyo alichokufundisha mwalimu wa sekondari hakikuwa uongo, ila alikupa njia moja akakuachia ukidhani ndiyo pekee, na bila kukutenganishia mtu mmoja na watu wengi, na hapo ndo mkorogo ulipoingia. Mimi ofisini nashauri 's kwa mtu mmoja kila mara, Williams's, Elias's, Agnes's, Charles's. Sababu yangu ni mbili tu. Ya kwanza ndivyo Waingereza wengi wanavyotamka, wanasema Wiliamziz, Jemziz, kwa hiyo unaandika kinachosikika. Ya pili ni muhimu zaidi kwako, ukishazoea kwamba apostrofi peke yake baada ya s ni ya watu wengi, huchanganyikiwi tena kwenye familia, na anayekusoma naye hachanganyikiwi. Wapo wanaoandika 's kila mahali lakini Moses na Jesus wanawaachia apostrofi tupu kwa sababu ya mazoea ya maandiko, hiyo nayo sawa, usigombane na mtu. Unachotakiwa kukwepa ni kuchanganya ndani ya imeili moja, juu Williams' chini Williams's, hapo msomaji anaanza kujiuliza kama ni watu tofauti. Na kama bosi wako anapenda ile nyingine, mfuate bosi.

Kuna mtego wa pili ambao hukuutaja ila nina uhakika upo, maana kwa sisi wenye Kiswahili karibu wote unatupata. Kiswahili chetu kinafuata kinachomilikiwa. Begi la Elias, mabegi ya Elias, gari la Elias, magari ya Elias, ile "la" au "ya" inabadilika kwa ajili ya begi, siyo kwa ajili ya Elias. Kwa hiyo kichwa kinatuambia apostrofi nayo itabadilika mabegi yakiwa mengi, ndo unakuta mtu anaandika "Elias's bag" kwa begi moja na "Elias' bags" kwa mabegi matatu, akidhani ile apostrofi ya mwisho ni wingi wa mabegi. Hapana. Kiingereza hakiangalii mali hata kidogo, kinaangalia mwenye mali. Elias akiwa na begi moja au kontena zima bado ni Elias's. Apostrofi inahama pale tu wenye mali wanapokuwa wengi.

Na wenye mali wakiwa wengi, yaani familia, unakwenda hatua mbili na usiziruke. Hatua ya kwanza, tengeneza wingi wa jina bila apostrofi yoyote. Sanga wakiwa wengi ni "the Sangas", Mwakalinga wakiwa wengi ni "the Mwakalingas". Jina likiwa tayari linaishia na s unaongeza es, Williams wanakuwa "the Williamses", Harris wanakuwa "the Harrises", Jones "the Joneses". Vivyo hivyo kwa majina ya x na z, Fox "the Foxes", Lopez "the Lopezes". Ya y hayageuzi kitu, Kennedy ni "the Kennedys" tu, kwa sababu jina la mtu halivunjwi kama neno la kawaida. Na ukumbuke ile "the" mbele, ndiyo inayofanya kazi ya "akina" yetu, akina Williams. Hatua ya pili, kama wanamiliki kitu, unaongeza apostrofi mwishoni kabisa basi, "the Williamses' bags", mabegi ya akina Williams. Weka kidole, funika apostrofi, kinabaki the Williamses, ndio wenye mali, sawasawa.

Najua Williamses inaonekana kama kosa la kuchapa. Hata Waingereza wenyewe wengi wanaikwepa, utaona wanaandika "the Williams' bags" kwa familia, na kwenye vibao vya milangoni wanaandika "The Smith's" wakimaanisha wanaishi akina Smith. Vyote viwili ni makosa, ya kwanza ukifunika inabaki "the Williams" ambayo siyo wingi wa Williams, ya pili inabaki Smith mmoja. Kuvikuta kwa Mzungu hakuvifanyi sahihi. Ugumu mwingine ni kwamba sikio halikusaidii hapa, Williams's na Williamses na Williamses' zote tatu zinatamkwa Wiliamziz, zinatofautiana kwenye maandishi tu, ndo maana nasisitiza kidole.

Sasa tuchukue imeili yako ya loji. Nimeiandika kwanza jinsi ambavyo nadhani ungeiandika leo, usininunie:

```
Dear Charle,
The William's will arrive on Friday.
Mr. Williams bag is still in Dar.
Elia's car will bring the Williams's other bags.
```

Tuseme meneja wa loji ni Charles, siyo Charle, kwa hiyo s yake irudi, na kwa kuwa ni salamu hakuna apostrofi. Mstari wa pili ndo una kosa kubwa zaidi, wageni wanafika tu, hawamiliki chochote kwenye sentensi hiyo, kwa hiyo apostrofi haitakiwi, unahitaji wingi mtupu. Ukifunika "William's" unapata William mmoja, na meneja akisoma haraka anaweza akaandaa kitanda kimoja. Mstari wa tatu begi ni la baba peke yake, mwenye mali ni mmoja, hapo apostrofi inatakiwa na wewe hukuiweka, uliona s ya jina ukaridhika. Mstari wa nne Elias amekatwa jina, na mabegi mengine ni ya familia nzima lakini "the Williams's" inasema ya mtu mmoja. Ikinyooshwa inakuwa hivi:

```
Dear Charles,
The Williamses will arrive on Friday.
Mr. Williams's bag is still in Dar.
Elias's car will bring the Williamses' other bags.
```

Hiyo imenyooka, hakuna mwalimu atakayeishika. Lakini ukiniuliza kama ndivyo mimi ningeituma, hapana. Nikiwa na Charles anayesomea simu huku anapokea wageni wengine, nisingemrundikia Williamses mbili na Williams's moja. Kuna mlango wa pembeni ambao ni sahihi vile vile na rahisi mara kumi, unatumia neno family likubebee mzigo. "The Williams family will arrive on Friday." Na umiliki unaenda kwenye family, ambayo haina s ya kukusumbua, "the Williams family's other bags". Mlango mwingine ni kulitumia jina kama lebo tu bila umiliki, "the Williams booking", "the Williams invoice", kama unavyosema faili la Williams, hapo apostrofi hamna kabisa na haikosekani. Kwa kichwa cha imeili hii ndo bora, andika "Williams booking, arrival Friday". Ina faida nyingine pia, jina linakaa zima bila vikolokolo, siku ukitafuta kwenye imeili zako unaandika Williams na zote zinakuja. Jina la faili nalo liwe `Invoice_Williams.pdf`, apostrofi kwenye majina ya mafaili ni kujitafutia shida.

Begi la baba linabaki kuwa "Mr. Williams's bag", hilo huwezi kulikimbia na wala usilikimbie, ni moja tu. Wakati mwingine sentensi ya "of" au "for" inasaidia, "a car for Mr. Williams", ila "the bag of Mr. Williams" inasikika kama imetafsiriwa, mtu wa lugha hiyo hasemi hivyo kwa begi.

Nikuongezee majina ya kwetu kidogo maana ofisini hamwandiki ya Wazungu tu. Happiness, Gladness, Witness, Agnes, Doris, Tobias, Amos, Deus, haya yote yanaingia kwenye kanuni ile ile ya mtu mmoja, "Happiness's phone number", ndio, s tatu ukizihesabu, na ni sahihi. Ukiona inakuumiza macho igeuze, "you can call Happiness on this number", hakuna sheria inayokulazimisha kuweka umiliki. Boniface, Florence na Beatrice yanasikika kama yana s mwishoni lakini herufi ya mwisho ni e, kwa hiyo hakuna mjadala, ni Boniface's kwa kila kitabu. Alex na Felix vile vile, Felix's. Na wageni wa Kifaransa kama Dubois, ile s hata haitamkwi, mtu mmoja ni "Mr. Dubois's room", ila familia nenda moja kwa moja kwenye "the Dubois family", usianze kubuni wingi wa jina la Kifaransa.

Watu wawili wenye kitu kimoja kwa pamoja, apostrofi inakwenda kwa wa mwisho tu, "Elias and Agnes's office" ni ofisi moja ya wote. Kila mmoja akiwa na chake, wote wanapata, "Elias's and Agnes's phones". Nimeona nikutajie kwa sababu kwenye ripoti za madereva inatokea sana.

Mpaka hapa tumeongelea imeili, ambapo ukikosea mtu anacheka au anakurekebisha mnaendelea. Kuna sehemu ambapo s moja ni pesa. Tiketi ya ndege jina lisipofanana na pasipoti mgeni anaweza kuzuiwa kupanda, na kubadilisha jina kwenye tiketi kunaweza kugharimu. Vibali vya hifadhi na barua ya mwaliko ya viza ni hivyo hivyo. Huko usitumie kanuni yangu yoyote, wala usikisie, kopi jina kutoka kwenye pasipoti herufi kwa herufi, na kama umeshatuma tiketi ya ndege hii ya Dar kuja Songwe kwa jina la William bila s, basi hilo usilifanyie imeili, piga simu shirika la ndege au nenda ofisini kwao leo na kopi ya pasipoti mkononi wakurekebishie kabla ya siku yenyewe. Na mkiwa na mkataba ambao ndani yake mali au malipo ni ya familia nzima, tofauti ya Williams's na Williamses' inaweza kubadilisha nani anadai na nani anadaiwa, hapo mpelekee wakili aupitie, siyo mwalimu wa Kiingereza.

Kwa Mr. Williams mwenyewe usiandike waraka wa kuomba radhi. Kwenye imeili inayofuata anza na jina lililo sahihi, mstari mmoja unatosha, "My apologies for misspelling your name earlier", alafu endelea na habari za safari.

Na kibao cha Songwe, andika WILLIAMS FAMILY kwa herufi kubwa nzito, au WILLIAMS peke yake kama karatasi ni ndogo. Usiandike WELCOME WILLIAMS'S, usiandike WELCOME THE WILLIAMS'. Mtu aliyetoka kwenye ndege anatafuta jina lake, na jina lake halina apostrofi. Mpe Elias akishike kikiwa kimenyooka, na uhakikishe kabla hajaondoka Mbeya mjini kwamba hajakunja upande wenye ile s.